Herufi R ilikuwa kushoto kwenye eksirei yangu, nikaigeuza picha, na nusura sindano iingie upande wa pafu zima

Naandika hii kwa sababu najua sio mimi peke yangu niliyewahi kusimama dirishani na bahasha ya eksirei nikijisomea picha mwenyewe. Mimi ilinigharimu siku nne za matibabu, na ilifika mahali naingia kuchomwa sindano huku karatasi yangu imeandikwa upande usio sahihi. Sina hasira na mtu, ila nataka anayesoma hapa ajue kilichotokea hatua kwa hatua, maana kosa lenyewe linaanza na kitu kidogo sana, herufi moja kwenye kona ya picha.

Nilikuwa na homa na kikohozi kama wiki mbili hivi, afu ikaanza maumivu chini ya mbavu za kulia, yani nikivuta pumzi ndefu nasikia kama kisu kinaingia. Usiku nilikuwa nalala nimekaa. Nikaenda, daktari akanisikiliza mgongoni, akasema anahisi kuna maji yamejikusanya kati ya pafu na mbavu, nikapige eksirei kifua. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikapigwa, nikaambiwa majibu ya maandishi yatatoka baadae lakini picha naweza kuondoka nayo. Nikaondoka nayo.

Nyumbani nikaitoa nikaibandika kwenye kioo cha dirisha. Sikuwa najua kusoma eksirei lakini hata asiyejua angeona, upande mmoja pafu lilikuwa jeusi mpaka chini na kona yake kali, upande mwingine chini kote kumejaa weupe, na weupe wenyewe umepanda ukutani kwa mkunjo kama maji kwenye glasi yanavyopanda pembeni. Tatizo ni kwamba ule weupe ulikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto. Na mimi nilikuwa naumwa kulia. Nikaangalia juu kwenye kona ya kushoto nikaona herufi R, ile ya kuonyesha upande wa kulia. Nikajiuliza, R ya kulia inakaaje kushoto?

Hapo akili yangu ikaenda sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza, labda hii picha sio yangu, wamebadilisha bahasha. Ya pili, labda ni yangu ila fundi aliweka herufi vibaya. Jina lilikuwa langu, tarehe ilikuwa ya siku ile, kwa hiyo nikaangukia la pili. Kesho yake majibu ya maandishi yakatoka, yameandikwa maji yako kulia, nikayasoma huku naangalia picha inayonionyesha kushoto, nikazidi kuamini kwamba kuna fujo mahali. Nikarudi pale mapokezi nikawaambia picha na karatasi havifanani, yule dada akaniambia "picha husomwa hivyo hivyo, ni sawa tu" na foleni ilikuwa ndefu, hakufafanua na mimi sikumwelewa. Nikaondoka nimekasirika, nikasema sianzi matibabu ya kutolewa maji mpaka nijue picha ni ya nani. Siku zikapita hivyo, na kila siku pumzi inazidi kuwa fupi.

Sasa ngoja nieleze kitu ambacho kama ningeelezwa ile Jumatatu kwa dakika mbili tu, haya yote yasingetokea.

Picha ya eksirei haioneshwi kama kioo, inaoneshwa kama picha ya kawaida ya mtu aliyesimama akikutazama. Ukijitazama kwenye kioo ukainua mkono wa kulia, mkono unaoinuka kwenye kioo uko upande ule ule wa kulia kwako. Tumezoea hivyo tangu utotoni, mwili wetu tunaujua kwa kioo na kwa kujitazama tukiinamisha kichwa. Lakini mtu akikupiga picha ya kawaida umeinua mkono wa kulia, afu ukaichukua ile picha ukaitazama, mkono wako wa kulia uko upande wa kushoto wa karatasi. Hakuna anayeshangaa kwenye picha ya harusi, maana tunajua tunamtazama mtu aliye mbele yetu. Eksirei ni hivyo hivyo. Daktari anapoitazama ni kama wewe umesimama mbele yake mnaangaliana, kulia kwako kuko upande wa kushoto kwake. Kwa hiyo R inakaa upande wa kushoto wa picha, na ndipo mahali pake. Haisemi "huu ni upande wa kulia wa karatasi", inasema "huu ni upande wa kulia wa mgonjwa".

Kilichonichanganya zaidi baada ya kuelezwa hilo ni kwamba mimi sikupigwa nikiitazama mashine. Nilisimama nimekumbatia lile bao, kifua kimegusa mbele, mabega nimeyasukuma mbele, na mashine iko nyuma yangu kama mita 1.8 hivi. Mionzi iliingia mgongoni ikatokea kifuani. Nikasema basi picha imepigwa kwa nyuma, na mtu ukimwona kwa nyuma kulia kwake ni kulia kwako, mbona wanaonyesha kwa mbele? Nilimuuliza fundi wa eksirei swali hili baadae kabisa, siku ya kurudia picha, akanijibu vizuri sana. Alisema eksirei ni kivuli, na kivuli hakina mbele wala nyuma. Ile plastiki unaweza kuitazama kwa uso wowote kati ya nyuso mbili na kila kitu kitaonekana, mbavu zile zile, moyo ule ule, tofauti ni upande tu. Sasa kwa sababu kivuli chenyewe hakiwezi kukuambia ukitazame kwa uso upi, watu wa fani wakakubaliana: mgonjwa anakutazama, basi, bila kujali mionzi ilipita kutoka wapi. Kupiga kwa nyuma wanafanya kwa sababu nyingine kabisa, moyo uko karibu na kifua cha mbele, ukiusogeza karibu na bao kivuli chake hakitanuki sana. Mgonjwa wa kitandani asiyeweza kusimama hupigwa kwa mbele, na moyo wake kwenye picha huonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Na ile herufi sio mapambo. Ni kipande kidogo cha madini ya risasi ambacho fundi anakibandika pembeni ya mwili kabla ya kupiga, mionzi haipiti kwenye risasi kwa hiyo inatokea nyeupe kabisa, imeungua pamoja na picha kwa wakati mmoja. Kwenye picha za kompyuta siku hizi herufi inaweza pia kuchapwa baada ya kupiga, na hiyo ni dhaifu kidogo, maana mtu anaweza kuichapa upande usio sahihi wakati mgonjwa ameshaondoka. Ile ya risasi ilikuwepo chumbani wakati mwili wako upo.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Alhamisi usiku, nimechoka, nikafanya nilichoona ni akili. Nikaigeuza picha. Yani ile plastiki nikaigeuza kama unavyogeuza ukurasa, nikaibandika tena dirishani kwa uso wa pili. Na kweli, R ikaja upande wa kulia, na weupe ukaja kulia, palepale ninapoumwa. Nilifurahi jamani, nikasema aah, kumbe walinipa imegeuzwa, maji ni kulia kweli na kila kitu kinafanana. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijakaa sawa, R yenyewe sasa ilikuwa inasomeka kinyumenyume, mguu wake umeelekea upande mwingine. Hicho ndicho kilikuwa kinapiga kelele kwamba nimekosea na mimi nikakiona ni uchafu. Nikaipiga picha kwa simu, afu nikakata pembeni ili ikae vizuri, na kona yenye herufi ikaenda na mkato.

Nikamtumia shemeji yangu ambaye ni tabibu. Alikuwa zamu ya usiku, akajibu baada ya muda mfupi, "Shem, naona maji kushoto tena mengi, asubuhi nenda ukatolewe usisubiri." Nikasoma mara tatu. Kushoto. Mtu aliyesoma udaktari anasema kushoto. Mimi nikajiona ndio sijui kitu, nikajiambia labda maumivu ya kulia ni ya kujivuta wakati wa kukohoa na ugonjwa wenyewe uko kushoto. Yani niliacha kuuamini mwili wangu mwenyewe kwa sababu ya picha niliyoigeuza mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nikaenda hospitali nyingine, sio ile ya kwanza. Nesi akaniuliza nina shida gani, nikamwambia nina maji kwenye pafu la kushoto nimekuja kutolewa. Akaandika: kushoto. Nikapewa karatasi ya kukubali kufanyiwa, imeandikwa kushoto, nikasaini. Picha ilikuwa ndani ya bahasha chini ya kiti, hakuna aliyekuwa ameitoa bado.

Nikiwa kwenye benchi simu ikalia, shemeji. Sauti yake sitaisahau, alikuwa haulizi kwa utani. "Shem, hivi umewahi kuambiwa moyo wako uko upande wa kulia?"

Nikamwambia hapana, haijawahi kutokea.

"Basi ile picha uliyonitumia ina shida. Jana niliiangalia harakaharaka nikaona maji tu. Leo nimeitazama vizuri, ncha ya moyo imeelekea kulia kwako, na ile hewa ya tumbo la chakula nayo iko kulia. Ama umezaliwa viungo vyote vimebadilishana pande, wapo watu hivyo lakini ni mmoja kati ya maelfu, ama picha imegeuzwa. Na kwa jinsi ulivyoikata siwezi kujua ni ipi. Herufi iko wapi?"

Hapo naomba mtu aelewe vizuri, kwa sababu ndipo uzito ulipo. Kwa kawaida ncha ya moyo inaelekea kushoto kwa mgonjwa, kwa hiyo kwenye picha iliyowekwa sawa utaiona imeelekea upande wa kulia wa picha. Chini yake kidogo upande huo huo kuna kiputo cheusi cha hewa iliyo ndani ya tumbo la chakula. Ini liko upande wa pili, na kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kwa kawaida kimepanda juu kidogo upande wa ini. Daktari akiangalia vitu hivi anajua kama picha imekaa sawa. Lakini ukiigeuza picha ya mtu wa kawaida, inafanana kabisa na picha iliyokaa sawa ya mtu ambaye viungo vyake vimebadilishana. Kivuli hakiwezi kuzitofautisha. Kwangu mimi zilikuwepo habari mbili na zote zinaendana na picha ile ile: mtu wa kawaida mwenye maji kulia, au mtu wa ajabu mwenye maji kushoto. Kinachoamua ni ile herufi tu, na mimi nilikuwa nimeikata.

Nikaitoa bahasha palepale kwenye benchi, nikaipiga picha nzima na kona zake zote, bila kukata, nikaishika kwa namna R inasomeka vizuri kama ilivyoandikwa. Nikamtumia. Akajibu kwa neno moja: "Kulia." Afu akapiga tena akasema nimwite nesi sasa hivi kabla sijaingia ndani.

Niliingia ndani karatasi bado haijabadilishwa, maana nesi alikuwa ameitwa mahali. Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole. Nikamwambia, "Samahani mama, nimesaini kushoto lakini naona nimekosea, nahisi ni kulia." Hakunigombeza. Akaitoa picha, akaiweka kwenye ubao wa taa, R kushoto kwake. Afu akanifanya nikae kitandani nimeinamia meza yenye mto, mgongo wazi, akaja nyuma yangu. Akaanza kunigonga mgongoni kwa vidole kutoka juu kwenda chini, kushoto inalia kama ngoma yenye hewa mpaka chini, kulia inalia hivyo hivyo afu kufika chini ya bega inakufa, inakuwa bubu kama unagonga mfuko wa mchanga. Hata mimi niliisikia tofauti. Akaniambia niweke mkono panapouma. Akaleta altrasaundi, akapitisha, maji yale pale, meusi kwenye skrini, upande wa kulia. Akachora alama kwa kalamu kwenye ngozi. Afu akachukua karatasi akaikata ile kushoto, akaandika upya, nikasaini tena.

Wakati anasubiri ganzi ishike akanieleza kitu ambacho sijawahi kukifikiria. Alisema, "Unaona, picha naisoma nikiwa kama niko mbele yako, kulia kwako kuko mkono wangu wa kushoto. Lakini sindano naichomea mgongoni. Nikija nyuma yako kulia kwako kunahamia mkono wangu wa kulia. Ndio maana mimi sibebi 'upande wa picha' kichwani, nabeba 'kulia kwa mgonjwa', na nikifika nyuma nagonga upya." Kwa hiyo sio sisi wagonjwa tu tunaochanganywa na hili, ni jambo ambalo wao pia lazima walishughulikie kila siku, na ukiongezea mgonjwa aliyejaza upande wake kwa kubahatisha unamwongezea mtego mwingine. Sindano ikiingia upande mzima, hakuna maji ya kulikinga pafu, ncha inaweza kulitoboa, hewa ikatoka na pafu likasinyaa. Na mimi nilikuwa na pafu moja tu linalofanya kazi vizuri siku ile.

Sindano ilipita juu ya ubavu, sio chini yake, kwa sababu chini ya kila ubavu inapita mishipa. Nilihisi msukumo sio maumivu. Yakatoka maji ya rangi ya chai nyepesi, karibu nusu lita na zaidi, kuelekea mwisho nikaanza kukohoa sana, akasema ni pafu linafunguka, akasimamisha. Sampuli ikaenda maabara na mimi nikaanza dawa siku hiyo hiyo.

Mambo machache ambayo sasa nayafanya na ningependa mwenzangu ayafanye. Ukiongea na mtu wa afya sema "kulia kwangu" na uweke mkono hapo, usiseme "upande huu" huku unanyooshea picha. Ukituma eksirei kwa simu, tuma nzima, kona zote nne, herufi iwe inasomeka sawasawa, kwa sababu herufi ikisomeka kinyume maana yake umeishika plastiki kwa mgongo wake, au simu yako imeigeuza, maana baadhi ya kamera za mbele hugeuza picha kama kioo. Ukiona R iko kushoto kwako acha hivyo hivyo. Na kama maumivu yako upande mmoja na karatasi inasema upande mwingine, usijitafutie maelezo peke yako kama nilivyofanya mimi, iseme wazi kwa anayekuhudumia kabla ya kusaini, hata kama foleni ni ndefu.

Ila pia usidhani kila picha iko hivyo. Picha ya kiganja mara nyingi huwekwa vidole juu kama unavyoutazama mgongo wa mkono wako. Na madaktari wengi wanaonyoosha uti wa mgongo hutazama eksirei zao kama wako nyuma ya mgonjwa, kwa sababu wanafanyia kazi mgongoni, kwa hiyo huko R utaikuta kulia. Ndio maana hata kanuni ya "kulia ni kushoto" ukiikariri kama shairi inaweza kukupoteza. Soma herufi.

Picha ya marudio nilipigwa mchana ule ule baada ya kutolewa maji, kuhakikisha hakuna hewa iliyoingia. Ndipo nilipomuuliza yule fundi maswali yangu yote na yeye akaniita nione skrini. Kabla hajapiga nilimwona anabandika kile kipande cha risasi pembeni ya bega langu la kulia, nikamuuliza hiyo ni R, akasema ndio. Kwenye skrini ikatokea juu kushoto, inasomeka vizuri, na chini yake, pale palipokuwa weupe mtupu, pafu lilikuwa limerudi kuwa jeusi karibu mpaka kwenye kona. Kona yenyewe bado ilikuwa imeviringika. Fundi akasema hiyo inaonyesha bado kuna maji kidogo, kwa mtu aliyesimama hivi inahitaji kama mililita 200 kona ndio ianze kupoteza ukali wake, kwa hiyo kilichobaki hakiko mbali na hapo. Akanionyesha kwa kidole, upande wa kushoto wa skrini. Mimi nikaweka mkono kwenye mbavu zangu za kulia.